Kutoka Kinywani mwa Bibi hadi Kitandani mwa Mtoto: Mwongozo Kamili wa Kuandika Hadithi ya Kulala

Bibi yangu mzaa mama alizungumza kwa dakika 38, jioni moja ya Agosti, akiwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi, magharibi ya jiji la Dodoma. Katika dakika hizo alipita kwenye njaa, kwenye mahari ya dada yake, kwenye treni na kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, na katikati ya yote hayo, kwa muda usiozidi dakika nne, alisimulia jinsi alivyompoteza ndama na jinsi alivyompata. Mwongozo huu unaonyesha namna dakika hizo nne zilivyogeuka kuwa hadithi isiyofika maneno 500, ya kumsomea mtoto wa miaka minne hadi saba anapokwenda kulala. Nimechagua kufuata mfano huu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kazi yenyewe iko katika maamuzi madogo ya sentensi kwa sentensi, na maamuzi hayo hayaonekani mtu akizungumza kwa ujumla.

Hatua ya kwanza: kurekodi bila kumharakisha

Wakati mzuri kwetu ni baada ya mavuno ya mtama na uwele, kuanzia Julai hadi Oktoba, ambapo wazee wana nafasi ya kukaa. Tatizo la miezi hiyo ni upepo wa Dodoma, ambao sikio la binadamu huuzoea lakini simu huunasa kama ngurumo inayofunika maneno. Kwa hiyo mkalishe bibi au babu upande wa nyumba usiopigwa na upepo, iweke simu juu ya kigoda kilichotandikwa khanga iliyokunjwa, umbali wa hatua moja kutoka kinywani mwake, na uzime mtandao wa simu ili mtu asipige katikati ya mazungumzo. Rekodi dakika moja ya majaribio, isikilize, kisha ndipo uanze.

Mwambie wazi kwamba unarekodi na unataka kufanya nini na maneno yake. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nilimwambia, "Bibi, nataka maneno yako niyaandike, wajukuu wasomewe wakati wa kulala. Unaniruhusu?" Akasema niandike, ila nisiandike majina ya watu wa ugomvi. Sharti hilo nililiandika kwenye daftari kabla ya kitu kingine chochote.

Usimwombe hadithi. Ukimwambia mzee "nisimulie hadithi", atakupa ya sungura na fisi ambayo kila mtu anaijua, au atasema amesahau. Uliza juu ya kitu kinachoshikika. Mimi niliuliza, "Bibi, kabla ya bomba mlikuwa mnachota maji kwa kutumia nini?" na swali hilo dogo ndilo lililofungua mlango wa korongo, kata ya kuchotea maji, ndama na mbuyu. Akishaanza, nyamaza. Akikaa kimya, nyamaza zaidi, hata kama kimya hicho ni cha kuhesabu hadi kumi, kwa sababu mara nyingi kinachofuata ndicho anachokiona kwa macho yake mwenyewe.

Hatua ya pili: kuandika kila neno

Dakika kumi za mazungumzo huchukua saa nzima hivi kuziandika, na usijaribu kufupisha hapa. Andika kurudia kwake, kujisahihisha kwake, maneno ya Kigogo kama alivyoyasema, na kwenye mabano uandike mikono na vimya. Hiki ndicho kipande cha ndama, kama kilivyotoka:

"Tulikuwa tunakwenda korongoni, kiangazi, maji hakuna. Unachimba mchanga, unachimba, mpaka hapa (anashika kiwiko). Halafu unangoja. Maji yanakuja polepole, maji matamu, siyo haya ya bomba. Sasa mimi nilikuwa na ndama wangu, yaani si wangu, wa baba, ila mimi ndiye nilimlea, mama yake alikufa ule mwaka dada ameolewa, ule wa mahari, ng'ombe wakaletwa pungufu, watu wakagombana, aa! Ndama ana doa hapa na doa hapa (anagusa shingo, halafu mgongo). Nilikuwa nampa maji kwa kata. Ananifuata kama mbwa. Basi siku hiyo nageuka, ndama hayupo. Na jua ndiyo hilo linazama. Na fisi walikuwepo! Kesho yake walikula mbuzi wa jirani. Nikaita, nikaita. Kaka yangu alikuwa ametangulia na wenzake. Nikaenda mpaka kwenye ule mbuyu, wewe hukuukuta, ulishaanguka. Una pango, mtu anaingia. Nikasikia kinapumua. (Kimya kirefu.) Kinapumua tu, fuu, fuu. Nikatia mkono, nikagusa pua. Ya baridi. Basi, tukarudi. Baba alinichapa, eh, nilichapwa. Mama ndiye alinipa uji usiku."

Ukiona neno "basi" likiruka safari nzima, kama hapa kwenye "Basi, tukarudi", jua kwamba kuna swali la kurudi kuuliza. Nilirudi siku ya pili nikauliza mambo matatu tu: walirudi kwa njia gani, mkononi alikuwa ameshika nini, na mtu wa kwanza kumwona nyumbani alikuwa nani. Alijibu kwamba alipita ukingo wa korongo na vichaka vya miiba, kwamba kata alikuwa nayo bado, na kwamba mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa tembe. Majibu hayo matatu ndiyo yaliyonipa mwisho wa hadithi.

Hatua ya tatu: kutafuta mahali sauti iliposhuka

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanachagua tukio kubwa badala ya tukio lililo hai. Tukio kubwa katika maneno ya bibi ni mbuzi kuliwa na fisi, au ugomvi wa mahari. Lakini sikiliza rekodi yenyewe, si maandishi, na utasikia kwamba juu ya mahari anazungumza kwa kasi, kama mtu anayesoma orodha aliyoizoea, ilhali alipofika kwenye pango la mbuyu sauti ilishuka, akanyamaza, na mkono wake wa kulia ukanyooka mbele bila yeye kujua. Baada ya zaidi ya miaka sitini mkono bado ulikuwa unaitafuta pua ya ndama gizani. Hapo ndipo hadithi ilipo. Kila kitu kinachoelekea kwenye mkono ule kinabaki, na kila kisichoelekea huko kinaondoka, hata kama kinapendeza.

Chukua kalamu ya wino na nyingine ya risasi. Kwa wino piga mstari chini ya kitu chochote kinachoweza kuonekana, kusikika au kuguswa: mchanga hadi kiwikoni, doa la shingoni na la mgongoni, kata, jua linalozama, pumzi, pua ya baridi, uji. Kwa risasi kata kila kinachohitaji maelezo ili kieleweke. Mahari iliondoka, kwa sababu ingedai sentensi nne za kumweleza mtoto mila, na pia kwa sababu ya sharti la bibi. Treni iliondoka. Mbuzi wa jirani aliondoka, kwa kuwa aliliwa siku iliyofuata, na hadithi ya kulala hukaa ndani ya jioni moja. Kaka nilimkata kabisa mwanzoni, na nitaeleza baadaye kwa nini alirudi.

Kuhusu kuchapwa niliwaza muda mrefu. Ni kweli, na bibi hakulisema kwa uchungu. Hata hivyo mtoto anayefumba macho baada ya kusikia kwamba msichana alirudi nyumbani salama akakuta fimbo, atabaki na fimbo. Nimejiwekea kanuni ambayo naona ni ya haki kwa msimuliaji: kupunguza ninaruhusiwa, kupanga upya ninaruhusiwa, lakini nikiongeza kitu ambacho hakukisema, lazima nimuulize. Tunapoitikia "uwongo njoo, utamu kolea" tunaupa utamu ruhusa, lakini bibi ndiye mwenye hadithi.

Hatua ya nne: kubadili vitenzi

Wazee husimulia mambo ya zamani kwa mazoea: "tulikuwa tunakwenda", "unachimba", "nilikuwa nampa". Vitenzi hivyo vinaeleza desturi ya kila siku, na desturi haina kesho wala wasiwasi, kwa hiyo mtoto hangoji chochote. Kazi yako ni kuichukua desturi na kuifunga kwenye siku moja. Anza na "Jioni moja ya kiangazi, Bibi alikwenda korongoni," kisha acha kiambishi -ka- kivute mambo: akachimba, akangoja, akageuka. Kiswahili kimetupa -ka- kwa kazi hii hasa, na mtoto wa miaka minne tayari anajua kwamba kila -ka- inaleta jambo jipya.

Lakini jambo jipya ndilo linalomfanya mtoto awe macho, kwa hiyo -ka- lazima ikome kabla hadithi haijaisha. Katika aya ya mwisho tumia -me-, ambayo haisukumi kitu mbele bali inaonyesha hali iliyotulia: mlango umefungwa, ng'ombe wamelala. Jaribu kusoma kwa sauti "ng'ombe wakalala, mbuzi wakalala" halafu "ng'ombe wamelala, mbuzi wamelala." Ya kwanza inakufanya uulize kisha nini. Ya pili haina cha kuuliza.

Nafsi pia inabadilika. Bibi anasema "mimi", na ukimsomea mtoto "mimi" atafikiri ni wewe. Sikumpa msichana jina la kubuni. Nilimwita Bibi, "alipokuwa msichana mdogo, wa kimo chako", kwa sababu mtoto anamjua bibi mwenyewe, na kumwaza akiwa mdogo ni jambo linalomshangaza kwa utulivu. Ndama naye nilimpa jina, Madoa, baada ya kumuuliza bibi, kwa kuwa yeye hakukumbuka kama alikuwa na jina.

Hatua ya tano: wito unaorudi, na giza

Hadithi ya kusomwa usiku inahitaji sentensi moja inayorudi, ambayo mtoto ataishika usiku wa pili na kuisema pamoja nawe. Irudi mara tatu, si zaidi, na kila mara isomwe kwa sauti ya chini kuliko ya kwanza. Bibi alisema "nikaita, nikaita" bila kueleza aliita nini, na alipoulizwa alisema aliita tu kama watu wanavyoita ng'ombe. Nilitunga "Madoa, Madoa, jua linatua, turudi nyumbani," nikamsomea, naye akaikubali. Ina vina viwili vinavyoitikiana, na neno la mwisho ni nyumbani, mahali hadithi inapoelekea.

Zaidi ya wito, tafuta sauti mbili au tatu za vitu. Pumzi ya ndama, fuu, fuu, ilitoka kwa bibi mwenyewe, nami niliirudisha mwishoni mwa hadithi ili pumzi iliyotisha kidogo gizani iwe pumzi ya usingizi. Kama kuna jambo moja la ufundi ningependa msomaji alishike, ni hili la kuchukua sauti ya hofu na kuimaliza hadithi kwa sauti hiyohiyo ikiwa imetulia.

Fisi hawezi kuondolewa, kwa sababu bila fisi giza halina uzito na mtoto hatafurahia kupatikana kwa ndama. Tofauti iko kwenye umbali. Muweke fisi mbali, ng'ambo ya vilima, alie mara moja tu, na umtaje tena mwishoni akiwa palepale. Fisi anayesogea ni wa hadithi ya mchana. Kifo cha mama wa ndama kinafuata kanuni nyingine: kiseme mapema, kwa neno la wazi, na katika sentensi hiyohiyo umtaje anayemtunza. Niliandika kwanza "mama yake hakuwepo tena", nikidhani ni maneno laini, na matokeo yake mtoto aliuliza mara tatu alikwenda wapi.

Maneno mageni kwa mtoto wa mjini yasizidi matatu. Mtoto anayekulia Nkuhungu au Ipagala chini ya paa la bati hajui tembe, na huenda hajawahi kuona kata. Usisimamishe hadithi ili ueleze. Acha kitu kifanye kazi yake, au kieleze kwa maneno machache yanayofuatana nalo mara moja.

Hadithi yenyewe

*Ndama Aitwaye Madoa*

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo!

Bibi alipokuwa msichana mdogo, wa kimo chako, alikuwa na ndama. Ndama huyo alikuwa na doa jeupe shingoni na doa jeupe mgongoni, kwa hiyo aliitwa Madoa. Mama yake Madoa alikufa, na Bibi ndiye aliyemlea. Bibi akisimama, Madoa anasimama. Bibi akienda, Madoa anakwenda.

Jioni moja ya kiangazi, Bibi alikwenda korongoni kuchota maji. Korongo lilikuwa kavu, mchanga mtupu. Lakini chini ya mchanga, maji yalikuwa yamejificha. Bibi akachimba kwa mikono. Akachimba mpaka mkono ukazama hadi kwenye kiwiko. Kisha akangoja.

Ndo… ndo… ndo… Maji yakaja.

Bibi akachota kwa kata, akamimina mtungini. Akachota, akamimina. Kata ya mwisho hakuimimina. Hiyo ilikuwa ya Madoa.

Akageuka. Madoa hayupo.

Jua lilikuwa jekundu, limeshuka chini kabisa. Bibi akaita:

"Madoa, Madoa, jua linatua, turudi nyumbani!"

Kimya.

Bibi akapanda ukingo wa korongo. Akatazama nyuma ya vichaka vya miiba. Hayupo. Akaita:

"Madoa, Madoa, jua linatua, turudi nyumbani."

Mbali, mbali sana, ng'ambo ya vilima, fisi mmoja akalia. Uuuu-ii! Halafu akanyamaza.

Bibi akashika kata yake kwa mikono miwili. Mbele yake palikuwa na mbuyu mnene, mnene kama nyumba. Tumboni mwa mbuyu mlikuwa na pango, na ndani ya pango mlikuwa na giza. Bibi akainama, akaita kwa sauti ndogo:

"Madoa, Madoa, jua linatua, turudi nyumbani."

Akasikiliza.

Fuu… fuu… fuu…

Bibi akanyoosha mkono gizani, polepole. Akagusa pua. Pua ya baridi, yenye majimaji.

Madoa!

Madoa akaulamba mkono wa Bibi. Ndani ya kata yalikuwa yamebaki maji kidogo tu, na Madoa akayanywa yote.

Wakarudi pamoja. Wakapita vichaka vya miiba. Wakapita ukingo wa korongo. Mtungi waliuacha palepale, na kaka yake Bibi angeufuata asubuhi. Wakaiona tembe, nyumba yao ya udongo yenye paa bapa, na mlangoni amesimama mama. Ameshika bakuli la uji wa uwele, na uji bado wa moto.

Sasa mlango umefungwa. Ng'ombe wamelala. Mbuzi wamelala. Fisi yuko mbali, ng'ambo ya vilima, naye amelala. Madoa amelala. Bibi amelala.

Fuu… fuu… fuu…

Hatua ya sita: kumsomea mwenye hadithi

Kabla ya mtoto, msomee bibi. Usimpe karatasi asome, msomee kwa sauti, kwa kuwa ndivyo itakavyotumika. Katika rasimu yangu ya kwanza Bibi alifika kwenye mbuyu akiwa na kata iliyojaa. Alinikatiza palepale: "Mjukuu wangu, nani anakimbia na kata imejaa?" Alisema maji yalimwagika njiani, akabaki na kidogo. Marekebisho yake yalikuwa mazuri kuliko nilichobuni, kwa sababu maji kidogo yaliyosalimika yana thamani kuliko kata nzima, nayo yakaingia hivyo. Pia nilikuwa nimeandika kwamba mbuyu ulikuwa umejaa majani, naye akanikumbusha kwamba wakati wa kiangazi mbuyu hauna jani. Makosa ya namna hii msomaji mwingine wa nyumbani angeyaona pia, lakini yeye peke yake ndiye aliyejua habari ya kata.

Muulize pia kuhusu ulichokiondoa. Nilimwambia kwamba sikuandika kuchapwa. Alifikiri kidogo, akasema, "Acha. Ila uji uuweke." Uji ulikuwa tayari umeshawekwa.

Hatua ya saba: usiku mbili za majaribio

Iandike kwa herufi kubwa, kiasi cha pointi 16, ili usiikodolee macho kwenye mwanga hafifu, na uache mstari mtupu kila mahali unapotaka kunyamaza. Kwa mwendo wa polepole hadithi hii huchukua dakika nne hadi tano. Ukiona imezidi saba, hadithi bado ina mambo mawili ndani yake, na moja linapaswa kutoka.

Usiku wa kwanza usijibu zaidi ya unachoulizwa, na asubuhi andika kila swali. Maswali ya katikati ya hadithi ni mazuri, kwa mfano mtoto akiuliza kama pango lina nyoka, kwa sababu yuko ndani ya hadithi pamoja nawe. Maswali ya baada ya sentensi ya mwisho ndiyo yanayoonyesha kasoro. Binti wa dada yangu, wa miaka mitano, alinyamaza hadi fuu ya tatu, kisha akafumbua macho akauliza, "Na mtungi je?" Nilikuwa nimeuacha mtungi korongoni bila kujua, na kitu kilichoachwa nje gizani kinatosha kumzuia mtoto asilale. Nilimpigia bibi simu, akasema kaka yake ndiye aliyeufuata asubuhi. Kwa hiyo kaka niliyemkata katika hatua ya tatu alirudi kwa nusu ya sentensi, na usiku wa pili hakuna aliyeuliza.

Angalia pia mwili wake. Akiinuka kwenye kiwiko wakati fisi analia, ni sawa, kwa kuwa hadithi inapaswa kupanda mahali fulani. Asiporudi chini pua inapoguswa, basi umesoma sehemu ya pango kwa haraka au kwa sauti kubwa mno, na tatizo liko kwenye usomaji wala si kwenye maandishi. Kuanzia "Wakarudi pamoja" punguza mwendo, na katika aya ya mwisho vuta pumzi kamili baada ya kila sentensi. Zile fuu tatu za mwisho zipulizwe tu, bila sauti ya koo.

Kishawishi kitakachokujia katika hatua hii ni kuongeza funzo, kwamba watoto wasikae nje hadi jua likazama. Usiliongeze. Mtoto ameshaona giza na ameshafika nyumbani, na onyo la mwisho litamwamsha ili ajitetee.

Rekodi nzima ya dakika 38 nimeihifadhi kwenye simu na kwenye kompyuta, pamoja na maandishi ya neno kwa neno, mahari, mbuzi wa jirani na fimbo vikiwa vimo humo. Bibi amesema mtoto akifika miaka 12 apewe asikilize yote, kwa sauti yake mwenyewe.